Namba ya dp ku telefone ya ekran ndogo: dalili, sababu na namna ya kutengeneza

Watu mingi hapa Goma wanatumia telefone ya ekran ya piksel 480 kwa upana, zile za bei ya chini, na malalamiko yao ni yale yale: mesaji mbili tatu ekran imejaa, ukifungua klavie haubaki na kitu cha kusoma, ukijaza formulere butoni ya Envoyer inajificha chini kabisa. Kisha mtu anasikia kama mu Options pour les développeurs kuko namba moja ukiipandisha vitu vyote vinakuwa vidogo, anapandisha, halafu shida ya kwanza inaondoka na zingine tatu zinaingia. Hapa nitashika hizo shida moja kwa moja, na telefone ya kufanyia mufano ni ile ya 480 kwa 960, inchi 5, juu njo inasumbua kuliko zote. Wenye ekran ya 720 ao 1080 wako na nafasi kubwa zaidi ya kucheza, ila hesabu ni ile ile.

Kwanza tuelewane namba yenyewe ni nini, bila hiyo dalili zote zitakuchanganya. Aplikasyo ya Android haichore butoni kwa piksel, inachora kwa dp. Dp moja ni sawa na piksel moja kama dansite ya ekran, yani kipimo cha wingi wa piksel mu inchi moja, ni 160, dansite ikiwa 320 dp moja inakula piksel mbili, 240 inakula piksel moja na nusu. Telefone yetu ya mufano inatoka ku kiwanda na dansite 240, kwa hiyo upana wake ni hivi:

```
dp = piksel x 160 / dansite
480 x 160 / 240 = 320 dp
```

Ile 320 njo namba unaikuta mu parametre. Aplikasyo inauliza telefone "uko na dp ngapi?", inajibiwa 320, inapanga vitu vyake mule ndani. Ukiandika 400, telefone inashusha dansite hadi 192 na aplikasyo inaamini kama imepata ekran kubwa. Piksel ni zile zile 480, hakuna hata moja imeongezeka, na hapo njo shida nyingi za mbele zitatokea. Kumbuka pia kama hizo namba mbili zinaenda kinyume: dp ikipanda dansite inashuka. Mtu anasoma mahali "weka 280" akaandika 280 mu nafasi ya dp kumbe ilikuwa ni 280 ya dansite, halafu anashangaa.

Kufika pale: Paramètres, À propos du téléphone, tafuta Numéro de build ufinye mara 7 (ku telefone zingine iko ndani ya Informations sur le logiciel, na kuko zile ambazo unafinya version ya system ya kampuni), weka kode yako kama inaombwa. Kisha rudia ku Paramètres, Système, Options pour les développeurs, shuka mpaka karibu na sehemu ya mambo ya kuchora, kuko mstari wenye neno Largeur, inaweza kuwa Largeur minimale ao majina ingine ya kufanana, lakini utaijua juu chini yake kuko namba inaishia na dp. Hiyo nafasi ilikuja na Android 7, mwaka 2016. Telefone ya Android 6 kurudi nyuma haina, huko ni lazima ordinatere na kable, nitasema mbele.

Mbele ya kugusa kitu, andika ku karatasi namba uliyoikuta. Apana ku telefone, ku karatasi.

Naandika namba ndogo, inarudi ku 320

Hii inapata watu wenye kutaka kinyume, yani kukuza vitu, kwa mufano mzee mwenye macho inachoka. Anaandika 280, anafinya OK, ekran inapepesa kidogo, anaangalia tena: 320. Telefone haijaharibika. Android yenyewe imewekewa kikomo pale, chini ya 320 hairuhusu, ukiandika ndogo zaidi inaichukua kama 320. Na telefone yetu tayari iko ku 320, kwa hiyo kwa upande wa kukuza hii namba haina msaada wowote kwake. Mwenye kutaka maandishi makubwa aende ku Affichage, Taille de police, habari iishe.

Kuko na kikomo kingine upande wa juu, dansite haishuke chini ya 120. Ku piksel 480 hiyo inatoa 640 dp, basi hata mtoto akiandika 5000 haitapita pale. Itakuwa mbaya sana, lakini haitapita pale.

Niliandika 390, ikajiandika 391 ao 392

Hakuna shida. Dansite ni lazima iwe namba nzima: 480 mara 160 gawanya kwa 390 ni 196 na kitu, telefone inakata inabakiza 196, halafu ikihesabu kurudi nyuma inapata 391 na zaidi. Kama hutaki hiyo, chagua namba inayogawanyika vizuri, 400 inatoa 192 kamili, 384 inatoa 200 kamili.

Nimepandisha na ku ekran ya mwanzo bado kuko icone 4 kwa mstari

Hii inadanganya watu wanasema haijafanya kazi. Ile ekran ya mwanzo inaendeshwa na aplikasyo yake, na idadi ya icone kwa mstari mara nyingi ni reglaji yake yenyewe, 4 kwa 5 ao 5 kwa 5. Ukipandisha dp icone zinapungua ukubwa, zinabaki 4, na nafasi tupu katikati yake inaongezeka. Finya kwa muda mrefu pahali patupu ku ekran ya mwanzo, ingia ku parametre yake, tafuta neno Grille, hapo unachagua 5. Telefone zingine hazina hiyo nafasi, basi utavumilia.

Michezo nayo haibadilike, ao inabadilika kidogo sana, juu mingi inachora kwa kufuata piksel za ekran nzima na haijali dp. Video pia, ikijaza ekran ni ile ile. Ukitaka kujua kama namba imekamata, fungua mesaji zako ao Paramètres yenyewe, hesabu mistari kabla na kisha. Mstari wa list wenye jina juu na maneno kidogo chini unakula kawaida dp 72. Telefone yetu ku 320 iko na urefu wa dp 640, ukitoa vile vipande vya juu na chini (saa na batri, kichwa cha aplikasyo, butoni za kurudi) unabaki na nafasi ya watu 7. Ku 400 urefu unakuwa dp 800, unapata watu 9 na kipande. Ukiona imetoka 7 kwenda 9, imekamata.

Na kama aplikasyo moja tu ndiyo imebakia na ukubwa wa zamani wakati zingine zimebadilika, ile ilikuwa tayari imefunguka na ilishika hesabu ya mwanzo mu kichwa. Ifunge kabisa kwa Forcer l'arrêt, fungua tena. Ikikataa, zima telefone uwashe.

Ekran imekuwa nyeusi, telefone imekwama mara moja kisha kufinya OK

Ngojea. Kubadilisha dansite kunalazimisha kila aplikasyo yenye iko wazi ijichore upya, na klavie, na ekran ya mwanzo, na ile mstari wa juu. Ku telefone ya RAM ya giga 1 hiyo ni kazi kubwa, inaweza kuwa nyeusi kidogo ao icone zikapotea zikarudi. Usianze kufinya finya. Njia nzuri ni kufunga kwanza aplikasyo zote kabla ya kubadilisha, basi inapita haraka.

Maandishi yamekuwa kama wadudu, hayasomeke

Hapa njo penyewe, na hapa nitakaa. Kuko dada mmoja anauzisha vitenge karibu na soko ya Virunga, komande zake zote zinaingia ku telefone, na anaandika madeni ya wateja ku Google Sheets juu ameunganisha na mdogo wake wa Bukavu. Ku 320 alikuwa anaona kolone ya jina na nusu ya kolone ya pesa, basi. Mtu akamupandishia mpaka 540, alifurahi sana siku ile jioni ndani ya nyumba. Asubuhi ku soko, jua imewaka, hakuna kitu anasoma, 6 na 8 zinafanana, na mu madeni 6 na 8 haviwezi kufanana.

Watu wanasema ni macho. Si macho peke yake, hesabu piksel. Maandishi ya kawaida ya aplikasyo iko na saizi 14, na hiyo saizi inafuata dansite sawa na dp. Ku dansite 240, 14 mara moja na nusu ni piksel 21 za urefu. Ku 540 dp dansite yake ni 142, maandishi yale yale yanakuwa piksel 12. Lakini ile 12 ni saizi nzima ya fonti, pamoja na nafasi ya mikia kama ya g na p, herufi ndogo yenyewe inabaki na piksel 6 hivi. Mu piksel 6 kuchora "e" yenye tofauti na "c" ni shida, telefone inapaka kijivu-kijivu pembeni kujaribu kusaidia na jicho linaona ukungu. Mwenye ekran ya 1080 ku 411 dp maandishi yale yale iko na piksel karibu 37, njo maana yeye anaweza kupandisha mpaka 480 na bado anasoma vizuri, na ushauri wake haukufae wewe. Usichukue namba ya dp ya mtu mwingine kabla ya kujua ekran yake iko na piksel ngapi.

Tulichofanya kwa yule dada: kwanza kurudisha ku 320 ili kuanza upya, kisha 360. Naanza na 360 juu aplikasyo mingi zimechorwa mtu akifikiria telefone ya 360, na ku 320 njo unaona maneno yanakatika na butoni zinaangukia mstari wa pili. Shida kama ile ya Envoyer kujificha mara mingi inaisha pale pale ku 360 bila kwenda mbele. Kwake Envoyer ikaonekana, lakini Sheets bado alikuwa anataka kolone ya pesa nzima. Tukaenda 400. Kutoka 320 kwenda 400 unaongeza robo kwa upana na robo kwa urefu, ukizidisha pamoja nafasi nzima imeongezeka zaidi ya nusu, na hiyo ni mingi, mtu asikudanganye kama ni kidogo. Maandishi yakashuka piksel 21 kwenda 17. Ndani ya nyumba sawa, nje ku jua akasema bado anakaza macho.

Sasa hapa kuko njia watu mingi hawaifikirie. Dp inapunguza kila kitu: maandishi, butoni, picha za watu, na zile nafasi tupu katikati ya vitu. Taille de police inagusa maandishi peke yake. Basi unapunguza vyote kwa dp, halafu unarudisha maandishi kwa fonti. Ku Affichage, Taille de police, unasogeza hatua moja juu ya Par défaut, ambayo ku Android mingi ni mara 1,15. Hesabu: 14 mara 1,2 mara 1,15 ni piksel 19 na kidogo. Tulianza na 21, tuko ku 19, tofauti ndogo sana, lakini picha za mviringo, mistari, nafasi tupu, butoni kubwa zenye hakuna mtu alikuwa anazihitaji, vyote vimebaki vidogo na nafasi imepatikana. Yule dada alibaki na 400 na fonti hatua moja juu, anaona jina, pesa na tarehe, na anasoma ku jua.

Usipandishe fonti hatua ya mwisho kabisa, juu hapo maneno yataanza kukatika ndani ya butoni na utakuwa umerudi ulikotoka. Na jaribu namba yako nje, saa sita, mwanga wa ekran ukiwa ule wa kawaida yako, apana usiku ku kitanda.

Kwa ekran ya 480 mimi sipite 400, mwenye macho ya kijana 420. Kwa 720 yenye inatoka na dansite 320, yani 360 dp, namba ya 411 inakaa vizuri (dansite 280, maandishi piksel 24 na nusu), wengine wanaenda 450.

Nafinya butoni moja inafunguka ingine

Kidole hakikupungua na dp. Butoni nzuri ya Android inapewa dp 48 za kufinya. Ku telefone yetu ya inchi 5, ku 320 hiyo ni milimita 8 na nusu, ku 400 ni karibu milimita 7, ku 480 inabaki chini ya milimita 6, na 600 ni 4 na nusu. Ncha ya kidole gumba cha mtu mzima inafunika zaidi ya pale, basi ku 480 utakosea kila saa, na mu moto ya taksi ile barabara ya mawe ya lava utakosea hata ku 400. Kama unatumia telefone kutuma pesa, chukua hii kwa makini kuliko ya maandishi, maandishi madogo unakaza macho unasoma, lakini kufinya Confirmer mahali pa Annuler hairudishwe kirahisi.

Klavie iko na dawa yake. Herufi zake nazo zinapungua, lakini Gboard iko na reglaji ya urefu ndani ya Préférences, unaikuza yenyewe bila kugusa dp. Kidogo tu, juu ukiikuza sana unakula ile nafasi uliyotafuta.

Telefone imejigeuza kama tablete

Umefika 600 ao kupita. Aplikasyo mingi zimeandikwa hivi: ukikuta 600 dp upande mfupi, chora mpango wa tablete. Chrome inakuwekea mstari wa onglet juu, aplikasyo za mesaji na za mail zinagawa ekran mbili, list kushoto na mesaji kulia, na ku Android 12L kwenda mbele inaweza kutokea mstari wa aplikasyo chini kabisa kama ya ordinatere. Ku ekran ya inchi 10 ni raha. Ku inchi 5 na piksel 480 unapata vipande viwili ambavyo hakuna hata kimoja kinasomeka. Dawa ni kushuka chini ya 600, ila ku piksel 480 ukiandika 599 inarudi 600 juu ya ile kukata dansite, basi weka 590, mpango wa tablete unaondoka. Lakini kwa kweli kama ekran yako ni 480 haukutakiwa kuwa karibu na pale.

Na kugeuza telefone kulala hakubadilishe hiyo hesabu, juu namba inahesabiwa ku upande mfupi siku zote, isimame ao ilale.

Picha na icone zimepata ukungu kidogo

Aplikasyo zinabeba picha za dansite maalum: 160, 240, 320, 480. Ukiweka 192 hakuna picha ya 192, telefone inachukua moja ya karibu na kuibana. Inaonekana kidogo ku icone za zamani, zile mpya zinachorwa kwa mistari na haziumie. Hakuna cha kufanya na si kitu cha kukosea usingizi.

Namba imerudi yenyewe

Kuzima na kuwasha hakuifute, imeandikwa ndani. Kama imerudi, angalia nani aligusa Affichage, Taille d'affichage (zingine wanaandika Taille d'affichage et du texte). Ile barre ya kusogeza ndogo-kubwa inagusa dansite ile ile, ni mlango wa pili wa chumba kimoja, ukiisogeza namba yako ya mkono inafutika. Ukiingia mule baada ya kuandika 400 unaweza kukuta imeandikwa Personnalisé, njo alama ya kama iko na namba isiyo ya kiwanda. Ku telefone zenye unaweza kuchagua rezolisyo, kubadilisha rezolisyo pia kunaweza kuifuta.

Kwa watu ambao barre hiyo inawatosha, kusema ukweli, waitumie hiyo na waache Options pour les développeurs. Sogeza hatua moja kwenda ndogo uone. Shida ni kama ku telefone za bei ya chini upande wa ndogo kuko hatua moja tu ao hakuna, njo maana tunaingia huku kwingine.

Aplikasyo ya banki imekataa kufunguka

Si dp. Aplikasyo zingine za pesa zikiona Options pour les développeurs iko wazi, ao Débogage USB imewashwa, zinakataa kwa usalama. Zima Débogage USB kwanza, jaribu. Bado ikikataa, zima ile butoni kubwa ya juu kabisa ku Options pour les développeurs. Mara mingi dp yako inabaki vile uliiweka hata menyu ikizimwa, lakini hakikisha kwa macho, hesabu tena ile mistari ya list.

Nimeandika vibaya, sioni kitu, nirudi namna gani

Mbele ya yote, usikimbilie kufuta telefone yote. Na mode sans échec haisaidie hapa, inazima aplikasyo ulizoongeza lakini dansite inaiacha.

Njia ya kwanza, ingia Paramètres, Affichage, Taille d'affichage, sogeza barre uirudishe ku Par défaut. Hiyo inafuta namba ya mkono kabisa. Hata vitu vikiwa vidogo sana, barre ni kubwa kuliko kuandika herufi ku klavie ya milimita mbili tatu. Kama haujue neno liko wapi, omba mtu mwenye telefone ya kufanana na yako afungue ya kwake pembeni, unafuata mahali kwa mahali, mpango ni ule ule umepunguka tu. Kama uliwasha Agrandissement ku Accessibilité mbele ya kubadilisha, ni rahisi zaidi, unakuza kipande cha ekran unafinya. Mimi ningeiwasha kwanza kabla ya kujaribu namba yoyote ya zaidi ya 450.

Njia ya pili ni ordinatere yenye adb, ile programu ya kutumia telefone amri kupitia kable, lakini Débogage USB inatakiwa ilikuwa imewashwa na ordinatere ile ilikubaliwa ku telefone. Unganisha kable, andika:

```
adb shell wm density
```

Itakujibu hivi, ya kwanza ni ya kiwanda, ya pili ni ile umelazimisha:

```
Physical density: 240
Override density: 142
```

Kurudisha ya kiwanda:

```
adb shell wm density reset
```

Angalia, huku unaandika dansite, si dp. Ukitaka 400 dp ku ekran ya 480 unaandika `wm density 192`. Njo hii hii pia wenye Android 6 kurudi nyuma wanatumia, na kwao hakuna ile barre ya kuwaokoa, basi wasiondoe kable mpaka wameona ekran imekaa vizuri. Kama haujui piksel za ekran yako, `adb shell wm size` itakuambia, kwa ya mufano wetu 480x960, na kutoka pale unajifanyia hesabu mwenyewe.

Ukinunua telefone ya okazyo na vitu vyote vinaonekana vidogo kupita kawaida, ao aplikasyo zinagawanyika mara mbili bila sababu, chungulia Taille d'affichage mbele ya kufikiria ekran imebadilishwa. Ukikuta Personnalisé, mwenyeji wa kwanza aliacha namba yake mule. Isogeze ku Par défaut, halafu anza na 360.